Kaunta ya mod-6 inapokosea: soma namba zake kabla ya kugusa waya

Vijana wa hapa Mwanza wanaoniletea bredibodi zao karibu wote huanza kwa kuchomoa nyaya. Kaunta imekosea namba moja, basi wanang'oa waya huu, wanachomeka ule, na baada ya nusu saa kosa la kwanza limeshafunikwa na makosa mengine matatu. Naomba tuanze upande mwingine. Kaunta ya sinkronasi, yaani ile ambayo flipuflopu zote zinapokea pigo moja la kloki kwa wakati mmoja, haikosei ovyo. Waya fulani ukikosewa, hutoa mfululizo fulani wa namba, na mfululizo huo ukiujua unakupeleka moja kwa moja kwenye pini yenye shida.

Nimekusanya hapa hitilafu ninazoletewa mara kwa mara, kuanzia mod-6 ya kawaida hadi kaunta ya pete na ile ya pete iliyopindwa, ambayo wengi wanaiita kaunta ya Johnson. Kila dalili ina sababu zake, inayotokea sana ikitangulia.

Saketi ninayoisemea ina flipuflopu tatu za JK na inahesabu 0, 1, 2, 3, 4, 5 kisha inarudi 0. Q0 ndiyo biti ndogo, Q2 ndiyo kubwa. Alama ya `'` maana yake ni kinyume.

```
J0 = 1          K0 = 1
J1 = Q0·Q2'     K1 = Q0
J2 = Q1·Q0      K2 = Q0
```

Unahitaji chipu mbili za 74LS76 (flipuflopu moja itabaki bila kazi) na mageti mawili ya NA kutoka 74LS08. Kabla ya kutafuta kosa lolote punguza kloki iende taratibu, takriban pigo moja kwa sekunde. Chipu ya NE555 yenye rezista za 4.7k na 68k na kapasita ya 10 µF itakupa karibu kasi hiyo. Kisha chukua karatasi na uandike namba kumi na mbili mfululizo kuanzia umeme unapowaka. Usiziweke kichwani. Ziandike.

## Dalili: taa zimeganda, hakuna kinachohesabika

Pini za umeme. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa wanaotumia 74LS76, na inawaumiza hata watu makini. Mkono umezoea kwamba chipu ya pini 16 inapewa volti 5 kwenye pini ya 16 na graundi kwenye pini ya 8. 74LS76 haiko hivyo: volti 5 zinaingia pini ya 5, graundi ni pini ya 13. Weka mita kwenye pini hizo mbili zenyewe, juu ya chuma cha chipu, si kwenye reli ya bredibodi. Usomaji uwe kati ya volti 4.75 na 5.25. Kama unatumia 74HC112, yenyewe inafuata mazoea, 16 na 8, kwa hiyo ukihamisha mchoro kutoka chipu moja kwenda nyingine, hamisha na namba za pini.

Pini za kufuta na kuweka. Kwenye chipu hizi mbili, CLR na PRE hufanya kazi zikiwa chini, yaani kwenye 0. CLR ikigusana na graundi, flipuflopu inabaki 0 hata kloki ipige vipi. Zote zipandishe kwenye volti 5 kupitia rezista ya 10k. Usiziunge moja kwa moja, maana baadaye utataka kuzishusha kwa waya wakati wa kupima. Na kama umepata CD4027 badala yake, kumbuka kwamba kwake mambo ni kinyume: pini hizo hufanya kazi zikiwa juu, na ukizipandisha kwenye volti 5 umeifunga kaunta mwenyewe.

Kloki haifiki. Pima kwenye pini ya kloki ya kila flipuflopu, moja baada ya nyingine. Reli ndefu za bredibodi nyingi zimekatika katikati bila kuonyesha, na flipuflopu ya tatu ikiwa upande wa pili wa mkato huo itakaa kimya.

## Dalili: inahesabu, lakini namba si zake

Hapa ndipo karatasi yako inapolipa. Linganisha ulichoandika na orodha hii.

```
0 1 2 3 4 5 2 3 4 5 2 ...   J1 imeungwa Q0 tupu, Q2' imesahaulika
0 1 2 3 4 5 4 5 4 5 ...     K2 imeungwa pamoja na J2
0 1 2 3 4 5 6 7 0 ...       makosa hayo mawili kwa pamoja
0 1 0 1 0 1 ...             J1 inapata Q2 badala ya Q2'
0 1 2 3 0 1 2 3 ...         J2 iko 0 muda wote
0 1 2 1 2 1 ...             K1 haijaungwa popote
0 1 2 3 4 1 2 3 4 ...       K2 haijaungwa popote
0 4 2 6 1 5 0 ...           kaunta ni nzima, ledi zimebadilishana
```

Mistari miwili ya juu ndiyo ninayoiona zaidi, na inafaa kuielewa badala ya kuikariri, maana ndiyo kiini cha kuunda kaunta hii.

Flipuflopu ya JK ina tabia rahisi. Ikiwa iko 0, inayoamua ni J peke yake: J ikiwa 1 inapanda, J ikiwa 0 inakaa. Ikiwa iko 1, inayoamua ni K peke yake. Sasa itazame Q1. Katika mzunguko mzima inapanda mara moja tu, tunapotoka 1 kwenda 2. Hali ya 1 ni `001`. Mtu anatazama, anaona Q0 ni 1, anaunga J1 na Q0 na kuendelea na mambo mengine. Lakini kuna hali nyingine ambayo Q1 ni 0 na Q0 ni 1, nayo ni 5, yaani `101`. Hapo Q1 inatakiwa ibaki chini ili turudi 0. Kitu pekee kinachotofautisha 1 na 5 ni Q2. Ukiisahau, pigo la sita linapandisha Q1, Q2 inashuka, Q0 inashuka, na unajikuta kwenye `010`, ambayo ni 2. Kuanzia hapo kaunta yako ni ya mod-4, inazunguka 2, 3, 4, 5, na 0 huioni tena mpaka uzime umeme.

K2 nayo ni kosa la mazoea. Aliyewahi kuunda kaunta ya mod-8 anajua kwamba flipuflopu ya tatu hupata J na K zile zile, `Q1·Q0`. Kwenye mod-6, Q2 inashuka tukitoka 5, na wakati huo Q1 ni 0, kwa hiyo `Q1·Q0` inatoa 0 na Q2 haishuki kamwe. Tunabaki tunarukaruka kati ya 4 na 5. Kinachotenganisha 4 (inakotakiwa kukaa) na 5 (inakotakiwa kushuka) ni Q0 tu, ndiyo maana K2 ni Q0 na si zaidi.

Mistari ya K1 na K2 zisizoungwa inahusu chipu za LS. Pini ya LS isiyoungwa popote hujisoma kama 1, kwa hiyo kosa hutulia na mfululizo unajirudia vile vile. Kwenye 74HC112 pini iliyoachwa hewani haina msimamo: namba zinabadilika ukisogeza mkono karibu na bodi. Ukiona kaunta inamwogopa mtu anayeisogelea, usitafute kosa la hesabu. Tafuta pini iliyosahaulika.

Na kama umefika mstari wa mwisho, `0 4 2 6 1 5`, tafadhali usichomoe kitu. Kijana mmoja alikaa jioni nzima akibomoa kaunta iliyokuwa sahihi kabisa kwa sababu ledi ya Q0 na ya Q2 zilikuwa zimepishana.

## Dalili: kwa NE555 ni sawa, kwa batani inaruka namba

Ni batani. Vyuma vyake vinapogusana hudunda mara kadhaa ndani ya milisekunde chache, na kaunta inahesabu kila mdundo. Kubonyeza mara moja kunaweza kukupa hatua mbili, au nne. Kubonyeza polepole au kwa nguvu hakusaidii.

Weka rezista ya 10k kutoka volti 5 hadi kwenye batani, kapasita ya 1 µF kutoka hapo kwenda graundi, kisha pitisha kwenye kigeuzi cha Schmitt, 74HC14. Usikiruke kigeuzi. Kapasita peke yake inaondoa mdundo lakini inaacha ukingo wa kloki ukipanda polepole, na chipu za HC zinataka ukingo usiozidi sekunde za nano 500 hivi. Ukingo ukijikokota, flipuflopu moja inaweza kuona pigo kabla ya mwenzake, na hapo usinkronasi wenyewe umekwisha.

## Dalili: inahesabu vizuri mpaka uweke ledi

Ledi imeungwa kutoka Q kwenda graundi, mara nyingi bila rezista. Tokeo la LS likiwa juu limeahidiwa kutoa miliampia 0.4 tu. Ledi nyekundu inalivuta hadi chini ya volti 2, na geti linalofuata, ambalo linataka angalau volti 2 ili lisome 1, linaanza kubahatisha. Igeuze: volti 5, rezista ya 1k, ledi, kisha Q'. Tokeo hilo hilo la LS likiwa chini linaweza kumeza hadi miliampia 8, na ledi itawaka pale Q inapokuwa 1, kama ulivyotaka.

## Dalili: namba 6 inamulika kidogo kabla ya 0

Kama unaiona 6 hata kwa kufumba na kufumbua, saketi yako siyo ile niliyoandika juu. Umetumia kaunta ya mod-8 na geti linalogundua 6 kisha kuvuta pini za CLR. Kwa ledi haina madhara. Lakini 6 ni lazima itokee kwanza ndipo ifutwe, na chochote kinachosoma Q2 na Q1 kwa haraka kitaiona. Ukihitaji kaunta safi, jenga ya sinkronasi kweli.

Hapa nataka nigusie hali mbili zisizotumika, 6 na 7, maana ndizo zinazotupeleka kwenye kaunta za pete. Flipuflopu tatu zina hali 8, sisi tunatumia 6. Umeme ukiwaka, hakuna anayezuia kaunta isianzie 6. Kwa milinganyo tuliyoiandika, `110` inakwenda `111`, na `111` inakwenda `000`. Yaani ikipotea inarudi njiani yenyewe ndani ya mapigo mawili. Fuata kwa kalamu uone. Hiyo ni bahati ya milinganyo hii, na si kila kaunta inayo.

## Dalili: kaunta ya pete inawasha taa mbili, au haiwashi hata moja

Kaunta ya pete ni rejista ya kusogeza ambayo mwisho wake umerudishwa mwanzo. Kwa mod-6 unahitaji flipuflopu sita za D, chipu tatu za 74HC74, na ndani yake inazunguka 1 moja tu. Raha yake ni kwamba huhitaji geti lolote la kusoma hali: kila Q ni hatua moja, unaiunga moja kwa moja na unachotaka kukiwasha.

Gharama yake iko kwenye hali zilizobaki. Flipuflopu sita zina hali 64. Tunatumia 6. Zimebaki 58, na pete ya kawaida haina njia ya kutoka kwenye hata moja kati ya hizo.

Haikupewa 1 ya kuanzia. Ukifuta zote sita kwa CLR, pete inazungusha sufuri milele. Laini ya kuanzishia iende kwenye PRE ya flipuflopu ya kwanza na CLR za tano zilizobaki.

Imepata 1 ya ziada. Umeme umeyumba, au injini ya karibu imewaka, flipuflopu moja imepinduka. Sasa taa mbili zinafukuzana na zitaendelea hivyo mpaka uanzishe upya. Kwanza weka kapasita ya 100 nF kwenye kila chipu, karibu kabisa na pini za umeme. Kisha tibu pete yenyewe: acha kurudisha F kwenye A, badala yake lisha A kwa geti linalotoa 1 pale tu A hadi E zote zikiwa 0.

```
D_A = (A + B + C + D + E)'
```

Kwa mpango huu hakuna 1 mpya inayoingia mpaka zile za ziada zimalize kupita. Pete iliyojaa uchafu inajisafisha ndani ya mapigo machache, na pete tupu inajipatia 1 yake yenyewe.

Taa inaruka hatua mbili kwa pigo moja. Ni ukingo wa kloki unaojikokota, au waya mrefu wa kloki. Rudi kwenye kigeuzi cha Schmitt.

## Dalili: kaunta ya Johnson wakati mwingine inafanya kazi, wakati mwingine haifanyi

Hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo iliyonileta kuandika.

Pete iliyopindwa inarudisha mwanzoni kinyume cha flipuflopu ya mwisho. Kwa kitendo hicho kimoja, flipuflopu tatu zinatoa hatua sita badala ya tatu:

```
D_A = C'    D_B = A    D_C = B

ABC: 000 100 110 111 011 001 -> 000
```

Hakuna geti hata moja. Kila hatua inabadilisha biti moja tu, tofauti na kaunta ya kwanza ambako kutoka 3 kwenda 4 biti zote tatu zinageuka kwa pamoja. Kwa hiyo ukisoma hali kwa mageti ya NA ya pini mbili, kila hatua geti lake, hupati vimwako vya uongo. Hatua ya `100`, kwa mfano, inasomwa na `A·B'` tu. Kwa mod-6 naona Johnson ndiyo chaguo zuri kuliko pete, isipokuwa pale unapotaka kweli taa sita zenye waya mmoja mmoja na hutaki kuongeza mageti.

Zimebaki hali mbili: `010` na `101`. Zifuate. Kutoka `010`, A inapata kinyume cha 0, yaani 1. B inapata 0. C inapata 1. Tumefika `101`. Kutoka hapo A inapata 0, B inapata 1, C inapata 0. Tumerudi `010`. Hazitoki humo.

Bwana mmoja mwenye bustani ya mboga kule Kayenze, ufukweni, alinipigia simu asubuhi. Pampu yake inavuta maji ya ziwa kwa mota ya fezi tatu, na mpwa wake alikuwa amemtengenezea kibadilishi cha umeme wa jua chenye kaunta ya Johnson ya flipuflopu tatu. "Mwalimu," aliniambia, "leo nimeiwasha mara nne, mara ya tano ndiyo imekubali. Jana ilikubali mara ya kwanza. Mota haingurumi, haipati joto, imekaa kimya tu."

Hicho kimya ndicho kilichonipa jibu. Katika kaunta hiyo, A, C na B' ni mawimbi matatu yaliyopishana nyuzi 120, sawasawa kabisa na fezi tatu. Ndiyo maana watu wanaipenda kwa mota. Sasa weka `010`: A ni 0, C ni 0, B' ni 0. Weka `101`: A ni 1, C ni 1, B' ni 1. Fezi zote tatu zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kati ya fezi na fezi hakuna tofauti ya volti, kwa hiyo hakuna mkondo unaopita kwenye mota. Mota iliyokosa fezi moja ingenguruma na kupata joto. Hii haikuwa na sababu ya kunguruma.

Nilimwomba mpwa wake anipimie kitu kimoja tu kwenye bodi ndogo ya volti 5, ikiwa imechomolewa kwenye upande wa nguvu: masafa kwenye A, kwa mita yenye alama ya Hz. Kloki yao ilikuwa 300 Hz. Kaunta nzima inaigawa kwa 6, kwa hiyo A inatakiwa isome 50. Iliyonasa inageuka kila pigo, inagawa kwa 2, itasoma 150.

Aliwasha na kuzima mara kadhaa, kisha akasema, "Mwalimu, sasa hivi ni mia na hamsini."

Bodi yao ilikuwa na kinga: rezista ya 10k na kapasita ya 1 µF kwenye CLR, ili kaunta ianze `000` kila umeme unapowaka. Kwa chaja ya simu mezani kinga hiyo inatosha. Kwenye paneli ya jua haitoshi. Asubuhi jua linapanda polepole, na volti za paneli zinapanda nalo kwa dakika nyingi, wakati rezista na kapasita hizo zinamaliza kazi yao ndani ya milisekunde kama 10. CLR inapanda sambamba na umeme wenyewe, haikai chini hata kidogo, na flipuflopu zinaamka zikiwa zimekaa vyovyote. Hata kuongeza kapasita mara mia kusingetibu, kwa sababu mtikisiko wa mota katikati ya mchana unaweza kuitupa kaunta ndani ya `010` bila umeme kuzimwa.

Dawa iko kwenye njia yenyewe. Tulibadilisha ingizo la C:

```
D_C = B·(A + C)
```

Geti moja la AU kutoka 74HC32, moja la NA kutoka 74HC08. Katika hali sita halali hakuna kinachobadilika: kila mahali B ilipo 1, ama A au C nayo ni 1. Lakini `010` sasa inakwenda `100`, ambayo ni halali, na `101` inapita `010` kisha `100`. Ikinasa, imetoka ndani ya mapigo mawili. Kwa kloki ya 300 Hz hizo ni milisekunde zisizofika 7.

Usiamini kwamba imepona kwa sababu imewaka vizuri mara tatu. Ilazimishe iugue. Simamisha kloki, shusha kwa waya CLR ya A, PRE ya B na CLR ya C, uone ledi zinaonyesha `010`, achia nyaya, rudisha kloki. Fanya hivyo hivyo kwa `101`. Kwa simu niliwasikia wakifanya, mjomba akisoma taa kwa sauti: "Sufuri moja sufuri... moja sufuri sufuri... moja moja sufuri." Hapo nikajua wamefika.

## Wapi uishie, umwite mtu

Yote niliyoeleza ni ya volti 5, na kosa lake baya zaidi ni chipu kuungua. Upande wa pili wa bodi ya Kayenze ni jambo jingine. Kibadilishi cha mota ya aina hiyo kinaweza kubeba zaidi ya volti 300 za mkondo mnyoofu, na kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuzimwa. Paneli haizimiki wakati jua linawaka: ukichomoa waya wake ukiwa na mzigo, cheche haikatiki kirahisi kama ya umeme wa kawaida. Kuna watu wanaopima huko ndani wakiwa wamesimama kwenye udongo uliolowa maji ya ziwa. Usifanye hivyo.

Kata swichi kuu ya paneli, chomoa bodi ndogo, ipime mezani kwa umeme wake wa volti 5. Ukikuta ni nzima na mota bado haiendi, au fyuzi inakatika, au unasikia harufu ya kuungua kwenye transista za nguvu, hapo kazi ya kaunta imekwisha. Huenda transista ya juu na ya chini za fezi moja zinawaka kwa pamoja kwa kukosa mwanya kati yao, na hilo halionekani kwa mita ya mkononi wala halitibiwi kwa kubadilisha mlinganyo. Mwite fundi umeme mwenye leseni anayefahamu vibadilishi, na umwonyeshe karatasi yako ya vipimo: kloki 300, A 50, C 50, B' 50. Atajua aanzie wapi.